Mstari wa neoni haupo mahali pake: kutafuta kosa katika spektromita ya tungamo

Tuanze na mashine iliyo nzima, maana huwezi kujua mgonjwa anaumwa nini kama hujui mzima anakuwaje. Nachagua gesi ya neoni kwa sababu ndiyo iliyofungua njia: mnamo 1912 na 1913 J. J. Thomson, kule Cambridge, aliona neoni ikiacha alama mbili badala ya moja, na Francis Aston akaja kuthibitisha kwa spektrografu yake ya 1919 kwamba zile ni isotopu mbili, neoni-20 na neoni-22. Umbo la mashine nitakayotumia ni lile la Arthur Dempster wa Chicago, 1918: ioni zinaingia kwenye uga wa sumaku, zinazunguka nusu duara, kisha zinatua upande uleule zilikoingilia. Kikombe cha Faraday, kinachonasa ioni, kinasogezwa juu ya rula, nasi tunasoma mkondo wa umeme kila hatua: mahali mkondo unapopanda ndipo tunapopaita mstari, na urefu wa mstari ni ukubwa wa mkondo huo.

Ndani ya uga, kani ya sumaku inaivuta ioni kuelekea katikati ya duara, na kani hiyo ndiyo inayoizungusha. Ukisawazisha pande mbili unapata:

```
q·v·B = m·v²/r      →      r = m·v/(q·B)
```

Hapa `m` ni tungamo ya ioni, `v` kasi yake, `q` chaji yake, `B` nguvu ya uga, na `r` nusu kipenyo cha njia. Kasi haitoki hewani. Ioni imeharakishwa na volti `V` kabla ya kuingia, kwa hiyo `q·V = ½·m·v²`, na ukiiweka humo:

```
r = (1/B)·√(2·m·V/q)
```

Kwa volti 2,000 na uga wa tesla 0.20, ioni ya neoni-20 yenye chaji moja inakwenda kasi ya takriban kilomita 139 kwa sekunde, na nusu kipenyo chake ni sentimita 14.40. Neoni-22 ni 15.10. Rula yetu inapima kipenyo kizima, hivyo mistari inatua kwenye sentimita 28.8 na 30.2, umbali wa sentimita 1.4 kati yao. Mashine nzima ikishiba neoni safi ya kawaida, mstari wa 20 unakuwa mrefu kuliko wa 22 kwa karibu mara 9.8, kwa sababu neoni ya asili ina asilimia 90.48 ya neoni-20 na asilimia 9.25 ya neoni-22. Kuna na neoni-21, asilimia 0.27, ambayo kwa leo tuiache ilale.

Shika namba hizo tatu: 28.8, 30.2 na 9.8. Kila dalili hapa chini ni namna mojawapo ya namba hizo kuharibika. Na kabla hujagusa swichi yoyote, jiulize swali moja tu: mistari yote imehama kwa pamoja, au kuna mmoja tu unaofanya ukaidi? Volti na uga vinazigusa ioni zote. Tungamo na chaji ni mali ya ioni yenyewe. Kwa hiyo mistari yote ikihama, kosa liko kwenye mashine. Ukiharibika mmoja, tazama gesi.

Hakuna mstari hata mmoja

Hili tulipite haraka. Kikombe kikikaa sifuri kote, geuza mwelekeo wa mkondo kwenye koili za sumaku kabla hujafungua chochote. Mara nyingi mtu aliyesafisha mashine amerudisha nyaya kinyume, na ioni zako zinazunguka vizuri kabisa, ila upande wa ukutani. Ukigeuza na bado kimya, zima uga kabisa uweke kikombe mbele ya mwanya wa kuingilia, zielekeako ioni zisizopindishwa. Ukipata mkondo hapo, chanzo cha ioni ni kizima na shida iko kwenye sumaku. Usipopata, shida iko kwenye chanzo: aghalabu waya unaotoa elektroni za kuigonga gesi ili iwe ioni umekatika.

Umbali kati ya mistari ni nusu ya nilioukokotoa

Hapa mashine huwa haina kosa hata kidogo. Kosa liko kwenye daftari.

Vitabu vya kidato cha sita hupenda kuweka kichaguzi cha kasi kabla ya sumaku: uga wa umeme na uga wa sumaku uliokingamana nao, ambavyo kwa pamoja vinapitisha ioni za kasi moja tu. Hapo `v` ni ileile kwa isotopu zote, na `r = m·v/(q·B)` inasema nusu kipenyo kinakua sambamba na tungamo. Neoni-22 imezidi kwa asilimia 10, basi nusu kipenyo kinazidi kwa asilimia 10: kutoka 14.40 hadi 15.83, na kwenye rula umbali unakuwa sentimita 2.9.

Lakini mashine isiyo na kichaguzi inatoa *nishati* moja kwa isotopu zote, siyo kasi moja. Ioni nzito inatoka na kasi ndogo kuliko nyepesi. Uzito wake unataka kuipanua njia, upole wake unataka kuibana, na kinachobaki ni kipeuo cha pili cha tungamo: tungamo ikizidi kwa asilimia 10, nusu kipenyo kinazidi kwa asilimia 4.9 tu. Ndiyo ile sentimita 1.4. Nimeona watu wakipandisha na kushusha volti asubuhi nzima wakitafuta ile 2.9, na volti haiwezi kuwapa, kwa sababu inavuta mistari yote miwili kwa uwiano mmoja.

Ukiwa huna uhakika mashine yako ni ya aina ipi, gawanya nafasi ya mstari wa 22 kwa ya mstari wa 20. Ukipata karibu 1.05, ni mashine ya nishati moja. Ukipata 1.10, kuna kichaguzi cha kasi ndani. Jibu hili halitegemei `B` wala `V`, ndiyo maana naliamini kuliko bamba la maelezo lililobandikwa ubavuni.

Mistari yote imehama, ila uwiano wao ni sawa

Tuseme badala ya 28.8 na 30.2 unasoma 28.4 na 29.8. Ukigawanya, bado ni 1.05. Basi gesi haina hatia. Imebaki `V` au `B`, na kwa kutazama mara moja tu huwezi kusema ni ipi, kwa maana zote mbili zinasukuma kila mstari kwa asilimia ileile.

Njia ya kuzitenganisha ni kupima tena kwa volti nyingine. Volti ikiwa pungufu kwa kiasi kisichobadilika, tuseme ioni zinapata volti 50 chini ya kinachoonyeshwa kwenye kipimo, basi kwenye volti 2,000 upungufu huo unapunguza nusu kipenyo kwa asilimia 1.3, na kwenye volti 1,000 unapunguza kwa asilimia 2.5. Kosa linakua kadiri unavyoshusha volti. Uga ukiwa ndio wenye kosa, asilimia haibadiliki, uwe kwenye 1,000 au 4,000. Ukipenda mchoro, weka mraba wa kipenyo dhidi ya volti: mstari mnyoofu usiopita kwenye sifuri unashtaki volti, unaopita kwenye sifuri lakini kwa mwinuko usio wake unashtaki uga. (Kipimo cha volti kinachokosea kwa asilimia moja kila mahali kitajificha nyuma ya uga. Kwa huyo hakuna dawa ila kukipima dhidi ya kingine.)

Upungufu wa volti 50 si lazima uwe wa umeme mbovu. Ioni hazizaliwi zote kwenye bamba lenye volti kamili. Zinazaliwa ndani ya kisanduku cha chanzo, mahali ambapo volti imeshaanza kushuka. Ukikuta upungufu usiobadilika siku hadi siku, usiukarabati. Uandike na uutoe kwenye hesabu.

Uga nao una hila mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya chuma. Sumaku ya umeme yenye kiini cha chuma haitoi uga uleule kwa mkondo uleule. Inategemea umefika hapo kwa kupanda au kwa kushuka. Ukiweka ampea 5 ukitokea sifuri unapata uga mmoja, ukiweka ampea 5 ukitokea 10 unapata mwingine mkubwa kidogo. Wanaosoma `B` kutoka kwenye kipimo cha ampea huumbuka hapa. Dawa ni kuwa na adabu moja: pandisha mkondo hadi mwisho, shusha hadi chini, rudia mara mbili tatu, kisha siku zote ufikie thamani unayotaka kutoka upande uleule. Au weka kipima uga cha Hall katikati ya ncha za sumaku, usahau ampea.

Ya pili ni joto, na hii huwapata walio na haraka. Dalili yake ni mistari inayotambaa polepole kuelekea nusu kipenyo kikubwa katika saa ya kwanza ya kazi, kisha inatulia. Koili za shaba zikipata moto, ukinzani wake unapanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Kama umeme wa koili unatoka kwenye chanzo kinachoshikilia volti, mkondo unashuka, uga unashuka nao, na `r` inapanuka. Sasa tazama hesabu hii. Neoni-20 na neoni-22 zimepishana kwa asilimia 4.9. Gawanya kwa 0.39 na utaona kwamba koili ikipanda nyuzi 12 au 13 tu, mstari wa 20 utakuwa umetembea hadi pale mstari wa 22 ulipokuwa asubuhi. Mtu aliyeacha kikombe kimesimama kwenye 30.2 atashangilia kwamba neoni-22 imeongezeka. Badili chanzo cha umeme uweke kinachoshikilia mkondo, siyo volti. Au iache mashine ipate joto kwanza, na kila kipimo uvuke mistari yote badala ya kukaa kwenye mmoja.

Neno kwa wenye mashine ambayo kikombe hakisogei: mashine nyingi za leo zimefunga nusu kipenyo na zinabadilisha uga. Dalili ni zilezile, ila zisome kwa upande wa pili. Kwangu mstari umeenda mbali kwenye rula. Kwako mstari umehitaji mkondo zaidi ili ufike kwenye kikombe.

Mistari imenenepa au ina mkia

Hapa tazama umbo. Mstari ulionenepa sawasawa pande zote na ule uliochora mkia upande mmoja havina ugonjwa mmoja.

Mkia unaoelekea kwenye nusu kipenyo kidogo ni alama ya ombwe bovu. Ioni iliyogongana na molekuli ya hewa njiani imepoteza nishati, na yenye nishati ndogo inapindika zaidi, hivyo inatua karibu kuliko wenzake. Njia ya nusu duara hapa ni karibu sentimita 45. Kwa shinikizo la milibari 0.001 molekuli ya hewa haivuki hata sentimita 10 kwa wastani kabla ya kugongana, kwa hiyo mwale haufiki ukiwa mzima. Kwa sehemu moja ya milioni ya milibari inakwenda makumi ya mita, na mkia unakwisha. Mkia wa neoni-22 ndio wa kuogopwa, kwa sababu unaangukia upande wa neoni-20.

Unene wa pande zote una sababu mbili za kawaida. Moja ni ioni kutoka kwenye chanzo na nishati zisizolingana. Zikitofautiana kwa elektronivolti 20, kwenye volti 2,000 hiyo ni asilimia 1 ya nishati na nusu asilimia ya `r`, jambo la kuvumilika. Kwenye volti 100 tofauti ileile ni asilimia 20 ya nishati, na mistari miwili inayeyukiana kabisa. Kwa hiyo mistari ikijitenga vizuri unapopandisha volti (na uga pia, ili ibaki kwenye rula), umeshampata mwizi. Isipojitenga, tazama mwanya: ni mpana mno, au unaachia mwale unaotawanyika kwa pembe kubwa. Nusu duara ina fadhila ya kukusanya tena ioni zilizoingia kwa pembe tofauti kidogo, ila fadhila hiyo ina kikomo. Mwale unaotawanyika nyuzi 6 kila upande unatua ukiwa na upana wa kama milimita moja na nusu, hata kama kila kitu kingine ni kamilifu.

Mistari iko mahali pake, lakini urefu wake unadanganya

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, na ndiyo inayowatia watu aibu, kwa sababu kila kinachoonekana kiko sawa. 28.8 ipo, 30.2 ipo, uwiano wa nafasi ni 1.05. Ila mstari wa 20 una vipande 1,000 kwenye kipimo, na wa 22 una 160. Uwiano ni 6.25 badala ya 9.8.

Rudi kwenye fomula. Sumaku haijui tungamo. Inajua `m/q`. Ioni yenye tungamo 44 iliyopoteza elektroni mbili inazunguka duara moja na ioni ya tungamo 22 iliyopoteza elektroni moja. Na 44 ni kabonidioksidi, ambayo kila chumba kina yake. Vivyo hivyo arigoni ya tungamo 40, ikipoteza elektroni mbili, inakaa juu ya neoni-20. Usitegemee kuwatenganisha kwa macho: arigoni hiyo inatua kama sehemu 8 za mia za milimita kutoka kwenye neoni-20, na kabonidioksidi iko karibu zaidi na neoni-22, kiasi kwamba mashine ingehitaji kutofautisha sehemu moja katika zaidi ya 6,000 ili kuwaona wawili.

Uwiano wenyewe unakwambia umshike nani. Ukishuka chini ya 9.8, kuna kitu kimepanda juu ya 22, mtuhumiwa ni kabonidioksidi. Ukipanda, kuna kitu juu ya 20, mtuhumiwa wa kwanza ni arigoni, hasa kama hewa inavuja, kwa maana hewa ina arigoni mara 500 kuliko neoni.

Kwetu uwiano umeshuka. Neoni-20 yenye vipande 1,000 ilistahili ndugu wa vipande 102, kwa hiyo 58 ni za mgeni. Kabonidioksidi inayopigwa na elektroni za elektronivolti 70 hutoa ioni za chaji mbili kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya zile za chaji moja. Basi ili kupata 58 za chaji mbili, mstari wa 44 wenyewe lazima uwe kati ya vipande 3,000 na 6,000, mrefu kuliko neoni yote. Mstari mkubwa hivyo ungefichwaje? Ukikokotoa, unatua kwenye sentimita 42.7, na rula yetu inaishia 35. Hakuna aliyeuona kwa sababu ulitua nje ya rula. Pandisha uga hadi tesla 0.30, na unaingia kwenye 28.5. Hapo ndipo tunaukuta: vipande 4,000.

Ushahidi wa pili ni wa nishati, na unapatikana bila kufungua mashine. Neoni inahitaji elektronivolti 21.6 kupoteza elektroni moja. Kabonidioksidi inahitaji karibu 37 kupoteza mbili, na arigoni 43.4. Shusha elektroni zinazopiga gesi kutoka 70 hadi 35. Mistari yote ya neoni itafupika, hilo lisikutishe, lakini itafupika pamoja, huku wageni wa chaji mbili wakikosa nauli. Rudisha uga kwenye 0.20 na usome tena: uwiano umepanda hadi 9.6.

Ushahidi wa tatu ndio dawa yenyewe. Weka mtego baridi wa nitrojeni ya kimiminika kwenye bomba la gesi. Kabonidioksidi inaganda hapo, neoni inapita kama haikuona kitu. Rudisha elektroni kwenye 70: bado 9.6. (Kwa arigoni mtego mtupu hautoshi, tia ndani yake mkaa uliotayarishwa kunasa gesi.)

Ile 0.2 iliyobaki kati ya 9.6 na 9.8 usiiwinde kwa mtego wala kwa volti. Chanzo cha ioni kinapendelea isotopu moja kuliko nyingine kwa asilimia chache, na kila mashine ina upendeleo wake. Ingiza neoni iliyosafishwa kutoka hewani, ambayo uwiano wake unajulikana, pata kizidisho chako, na ukipime upya kila unapobadilisha waya wa elektroni.